Kumjibu mteja aliyekosa punguzo la sikukuu: hatua kwa hatua

Siku ya pili ya ofa ya sikukuu nilikuta ujumbe huu: "Mmetangaza punguzo la asilimia 20. Nimenunua begi na viatu, begi limepungua, viatu havijapungua hata kidogo. Mwaka mzima nanunua kwenu. Mnaniona mjinga?" Malalamiko ya aina hii huja kila msimu wa ofa, kwa hiyo nitautumia ujumbe huo kuonyesha ninavyojibu, tangu kuusoma hadi kubonyeza "Tuma".

Hatua ya 1: Tafuta swali lililo ndani ya hasira

Soma mara mbili. Mara ya kwanza utaona hasira tu. Mara ya pili utaona kwamba mteja huyu amesema mambo mawili tofauti. La kwanza ni la bei: kwa nini begi limepungua na viatu havikupungua? La pili ni la moyo: amekuwa nasi mwaka mzima na sasa anahisi tumemdharau. La bei linajibiwa kwa maelezo, la moyo linajibiwa kwa kuonyesha kwamba umelisikia. Ukijibu moja tu, atarudi na lile lililobaki, safari hii kwa ukali zaidi.

Swali la ujinga usilijibu kabisa. Ukiandika "hatukuoni mjinga" utakuwa umelirudia neno lile lile linalomuuma.

Hatua ya 2: Fungua oda, kisha litazame tangazo kama alivyoliona yeye

Kwenye oda yake niliona kwamba viatu vilikuwa tayari kwenye bei iliyopunguzwa kwa asilimia 30, tangu kabla ya ofa kuanza. Masharti yalisema punguzo la sikukuu haliongezwi juu ya bidhaa iliyokwisha kupunguzwa bei. Basi mfumo ulifanya kazi ilivyotakiwa.

Wengi huishia hapo na kuanza kuandika. Mimi nachukua simu na kufungua tangazo lenyewe, kwa sababu wateja wengi huliona kwenye skrini ndogo. Juu palikuwa na "Asilimia 20 msimu wote wa sikukuu" kwa herufi kubwa, na chini "Vigezo na masharti kuzingatiwa". Sharti lenyewe lilikuwa ukurasa wa pili, ambao haufunguki mpaka ubonyeze. Kwa hiyo mteja hakudanganywa, lakini pia hakuzembea: alisoma kile tulichomwekea mbele ya macho. Ujue hilo kabla ya kuandika, maana ndilo litakaloamua sauti ya jibu lako.

Kama tangazo lingesema "kila kitu", basi kosa lingekuwa letu moja kwa moja. Hapo usitafute maneno matamu ya kulielezea sharti. Omba radhi, omba idhini, mrudishie tofauti ya bei.

Hatua ya 3: Amua utakachompa kabla hujaandika

Jibu linaloandikwa bila uamuzi hujaa "tutaliangalia" na "tunalifanyia kazi", na mteja huliona. Ninajiuliza swali moja: je, hiki ninachotaka kumpa ningeweza kumpa kila mteja aliyenunua bidhaa kama hii bila kulalamika? Kama siwezi, simpi. Nikimpa huyu kwa sababu amepaza sauti, nimewaonea walionyamaza.

Katika kisa hiki niliamua kutoongeza asilimia 20 kwenye viatu. Yapo mawili niliyoweza kumpa bila upendeleo: haki ya kurudisha viatu visivyovaliwa ndani ya siku 14 na kurudishiwa pesa yote, na kurefushiwa muda wa kutumia punguzo kwa bidhaa za bei kamili. Hilo la pili niliombea idhini kwanza, tena kwa wote waliokwama kwenye sharti hilo.

Hatua ya 4: Andika

Hili ndilo jibu lenyewe:

"Habari za asubuhi, dada. Nimefungua oda yako na ni kweli: begi lilipungua kwa asilimia 20, viatu havikuongezewa punguzo hilo. Naelewa ulivyojisikia, hasa kwa kuwa umekuwa nasi mwaka mzima.

Sababu ni hii. Viatu ulivyochagua vilikuwa tayari vimepunguzwa kwa asilimia 30, na punguzo la sikukuu halijumlishwi na punguzo jingine. Sharti hilo lipo ukurasa wa pili wa tangazo, si kwenye tangazo lenyewe, na ninakubali kwamba ni rahisi kulipita. Pole kwa hilo.

Siwezi kuongeza asilimia 20 kwenye viatu. Ninachoweza ni hiki: ukiona kwa bei hiyo huvitaki tena, virudishe ndani ya siku 14 vikiwa havijavaliwa, utarudishiwa pesa yote. Pia tumekuongezea siku 7 za kutumia punguzo kwa bidhaa yoyote ya bei kamili. Ukinijibu hapa hapa, nitakupokea mimi mwenyewe."

Mpangilio wake una sababu. Jambo la kwanza baada ya salamu ni kukubali kile alichokisema kwa usahihi, kwa sababu mtu mwenye hasira hutazama kwanza kama umemsoma. Sharti limeelezwa kwa maneno ya kawaida, halikunakiliwa. Ile asilimia 30 imetajwa kama sababu tu. Ukiandika "kwa kweli wewe umepata punguzo kubwa zaidi", hata kama ni kweli, itasikika kama unamwambia ashukuru anyamaze. Na "siwezi" imesemwa mara moja, waziwazi, kabla ya kile ninachoweza. Ukiificha mwishoni ataisoma barua nzima kwa matumaini, kisha ahisi amedanganywa mara ya pili.

Hatua ya 5: Isome kwa sauti, ukate

Ondoa "kama ilivyoelezwa wazi". Ingekuwa wazi asingeandika. Ondoa "ungesoma masharti", na "Mpendwa mteja" kama jina lake unalo. Ondoa pia pole ya pili na ya tatu. Pole moja iliyotaja kosa lenyewe inatosha.

Hatua ya 6: Akirudi

Huyu alirudi. Aliuliza: "Kwa nini msijumlishe tu, 30 na 20 iwe nusu bei?" Hasira ilikuwa imepungua, sasa anauliza ili ajue, kwa hiyo anastahili hesabu. Nilimweleza kwamba hata punguzo la sikukuu lingeongezwa juu ya bei iliyokwisha kupunguzwa isingekuwa nusu: kitu cha 100 kikipunguzwa asilimia 30 kinabaki 70, na asilimia 20 ya 70 ni 14, kinabaki 56. Nikamwambia pia kwamba viatu hivyo vilishashushwa hadi mwisho wa uwezo wetu. Sentensi hiyo niliiandika baada ya kuuliza anayepanga bei na kuthibitishiwa. Usiandike sababu uliyoibuni, hata ikisikika vizuri. Akaamua kubaki na viatu.

Mteja akiandika mara ya tatu na jambo lile lile, acha kuandika. Mpigie.

Hatua ya 7: Peleka tatizo lilikotoka

Siku hiyo hiyo nilimtumia anayesimamia matangazo picha ya skrini ya simu na sentensi moja ya kuweka chini ya ile asilimia 20: "Haijumlishwi na bidhaa zilizokwisha kupunguzwa bei." Niliomba sentensi hiyo ionekane pia kwenye kapu, kando ya bidhaa yenyewe, kabla mteja hajalipa.