Jedwali la vifaa vya umeme: badilisha vizio kwanza

Ukipewa jedwali la vifaa uambiwe utafute gharama ya umeme, usikimbilie kuzidisha. Ongeza safu mbili zako: kilowati na saa. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, kwa hiyo wati zigawe kwa 1000 na dakika kwa 60 kabla ya hatua nyingine yoyote.

Chukua birika la umeme la wati 2000 linalotumika dakika 15 kwa siku. Hiyo ni kilowati 2 mara saa 0.25, yaani uniti 0.5 kwa siku, au 15 kwa siku 30. Ukisahau kubadilisha dakika utapata uniti 30 kwa siku, na birika lisilowaka hata nusu saa haliwezi kula kiasi hicho. Jibu la namna hiyo likikutokea, rudi kwenye safu ya saa.

Safu ya idadi nayo huponyoka sana: taa 4 za wati 10 ni wati 40, si 10.

Pasi ikiandikwa volti 240 na ampea 5 tu, zidisha: P = V × I, upate wati 1200.

Bei ya uniti iache hadi mwisho. Jumlisha uniti za vifaa vyote, kisha zidisha mara moja tu. Ukizidisha kila mstari na kukadiria senti, makosa madogo yanarundikana na bili haitalingana.