Somo: Bosi anataka ankara moja igawanywe mbili, ufanye nini kabla ya kulipa

Niliwahi kuwa mhasibu msaidizi katika kampuni moja ya usafirishaji. Kanuni ya fedha ilimruhusu meneja wa idara kuidhinisha manunuzi hadi shilingi 5,000,000. Zaidi ya hapo, lazima mkurugenzi wa fedha asaini. Siku moja meneja akaniandikia: "Matairi 12 ni 8,400,000. Mwambie muuzaji atoe ankara mbili za 4,200,000, tulipe leo."

Hatua ya 1. Fungua kanuni uisome, usitegemee kumbukumbu. Tazama kama kikomo kinahesabiwa kwa ankara au kwa manunuzi, na kama kuna kifungu cha dharura. Yetu ilisema "kwa manunuzi", kwa hiyo kugawa karatasi hakukubadili kitu.

Hatua ya 2. Hakikisha kama ni manunuzi mawili kweli. Matairi 6 ya mwezi huu na 6 ya mwezi ujao, kila fungu na oda yake, hayana tatizo. Mimi nilikuta oda moja, na hati moja ya kupokelea mzigo: matairi 12, siku moja, lori moja. Hapo hakuna manunuzi mawili.

Hatua ya 3. Muulize aliyekuagiza, kwa maandishi, bila kumtuhumu. Niliandika hivi: "Shikamoo bosi. Oda ya matairi ni moja ya 8,400,000, na kanuni inataka saini ya mkurugenzi. Vocha nimeshaiandaa. Niipeleke kwake, au kuna oda ya pili sijaiona?" Kuandaa vocha mapema ni muhimu sana, maana bosi akiona kazi haijalala hana sababu ya kukugombeza. Wangu alikuwa anaogopa tu magari yasisimame. Mkurugenzi alisaini siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Kabla hujajibiwa, usimwambie muuzaji lolote. Akishatoa ankara mbili na risiti zake za EFD, kuzirudisha nyuma ni kazi ngumu. Bosi akishikilia, peleka oda, hati ya kupokelea na ujumbe wake kwa mhasibu mkuu au mkaguzi wa ndani.

Maswali ya wanachama

*Meneja wangu hupiga simu tu, hataki kuandika.*
Andika wewe mkishamaliza: "Kama tulivyoongea saa 4 asubuhi, umenielekeza nigawe ankara. Nimeelewa sawasawa?" Kisha subiri jibu. Akinyamaza, usichukulie kuwa amekubali.

*Na kama anayeagiza ndiye mwenye kampuni?*
Kikomo ni chake, anaweza kukibadili; mwombe aidhinishe 8,400,000 nzima kwa saini yake. Ankara bado ionyeshe mauzo yalivyokuwa.

*Mimi nilishalipa hivyo mwezi uliopita, sikujua.*
Pole ndugu. Usibadili tarehe wala kuchomoa karatasi. Bana vocha zote mbili pamoja, andika maelezo mafupi yenye tarehe ya leo, umpelekee mhasibu mkuu kabla wakaguzi hawajafika.