Kupaka rangi sebule na marafiki kwa siku moja, msimu wa baridi Mbeya

Mwezi wa sita na wa saba Mbeya mvua zimekwisha na kuta zimekauka, kwa hiyo ndio wakati mzuri wa kupaka rangi. Taabu yake ni baridi. Rangi ya maji haishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, na usiku wa miezi hiyo joto hufika huko. Kwa hiyo kazi yote ianze jua likishapanda na iishe kabla halijapoa. Nitaeleza kwa mfano wa sebule moja ya Uyole, watu wanane.

Siku moja kabla: ukuta na vifaa

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, hapo kuna chokaa ya zamani, na rangi mpya itabanduka nayo. Kwangua, piga msasa, futa vumbi, kisha pakaza praima, ile rangi ya msingi inayoshikiza rangi ya juu. Kazi hii usiwaachie wageni, maana vumbi lake litaharibu siku nzima.

Sebule yetu ilikuwa na urefu wa mita 4, upana 3.5 na kimo 2.7. Mzunguko ni mita 15, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 40 na kidogo. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 35. Ukuta hupakwa mara mbili, yaani mikono miwili, kwa hiyo ni 70. Kwenye plasta iliyo laini kiasi, lita moja hupaka mita za mraba 8, kwa hiyo tulihitaji karibu lita 9. Makopo matatu ya lita 4 yalitosha, na ziada ikabaki ya kuziba mikwaruzo baadaye.

Rangi anunue mwenye nyumba, yote kwa mara moja, kisha aimimine kwenye ndoo moja kubwa na kuikoroga. Makopo ya rangi ileile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Marafiki walete vya kuazimana: ngazi, rola, brashi, turubai, spika.

Saa nne asubuhi: wawili wawili

Watu wanane ndani ya chumba hicho ni wengi mno. Wanne wapake: jozi mbili, kila jozi na ukuta wake. Mmoja wa jozi anashika brashi na kupaka pembeni, kwenye dari, kona na fremu. Mwenzake anamfuata na rola pale pale, rangi ya brashi ikiwa bado mbichi. Brashi ikizunguka chumba kizima kwanza, kingo hukauka na rola ikija juu yake huacha mstari mzito usiofutika. Ukiona mstari huo unaanza, mwambie wa brashi apunguze mwendo.

Wa tano ndiye anayegawa rangi, na ni yeye pekee anayeongeza maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kila mtu akiongeza yake, sehemu moja itafunika na nyingine itaonyesha ukuta wa zamani. Watatu waliobaki wako nje: mmoja anafua mapazia, wawili wako jikoni.

Vitafunio vya wakati huu viwe vikavu: karanga, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha. Chipsi zisubiri, kwa sababu vidole vyenye mafuta vikigusa ukuta, rangi haishiki hapo. Spika iwekwe koridoni, sauti ya kiasi. Muziki wa kuchezeka ndani huleta mabega kwenye ukuta mbichi.

Saa sita hadi saa tisa: hapa ndipo sherehe

Mkono wa kwanza unahitaji saa tatu hivi kukauka, kwa hiyo kila kitu cha furaha kiwekwe hapa. Toeni spika uani, ongezeni sauti, leteni chipsi, kuku na parachichi za Rungwe. Madirisha ya sebule yabaki wazi.

Atatokea mtu wa kupendekeza jiko la mkaa liingizwe ndani ili ukuta ukauke haraka. Kataa kabisa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu vyumbani.

Saa tisa gusa ukuta kwa mgongo wa kidole, hasa kona isiyopata jua. Ukinata au ukiwa wa baridi kama kitambaa chenye unyevu, mkono wa pili uwe kesho, na rafiki wawili wanatosha kurudi. Ukiwa mkavu, rudini ndani kwa jozi zilezile na mmalize kabla ya saa kumi na moja.

Kumaliza

Kama mlibandika tepu ya karatasi kulinda kingo, ibandue rangi ya mwisho ikiwa bado na ubichi, ukiivuta taratibu kwa kuilaza nyuma. Ikikauka nayo, itang'oa ukingo. Rola na brashi zioshwe kwa maji papo hapo, kabla ya chai, kisha kila mtu aondoke na chake. Ziada ya rangi iweke kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza, uandike jina la rangi na namba iliyo kwenye kopo.