Kabla ya usaili wa uhadhiri: mpango wa utafiti, ufundishaji na usimamizi vitoke chungu kimoja

Wasailiwa wengi wa nafasi ya uhadhiri huandaa vitu vitatu visivyojuana: slaidi za utafiti, aya moja ya falsafa ya ufundishaji, na jibu la kukariri kuhusu usimamizi wa wanafunzi. Jopo huligundua hilo mapema. Mtu anaeleza utafiti unaohitaji mashine ambayo idara haina, kisha anasema atasimamia wanafunzi wanane, na hakuna hata mmoja kati ya hao wanane aliyeonekana kwenye mpango wa utafiti. Njia iliyo salama ni kuandaa mpango mmoja wa utafiti kwanza, halafu kutoa humohumo mfano wa kufundishia na mada za wanafunzi.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Msailiwa ni mkemia wa mazingira aliyeandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mkaa wa mifupa, yaani mifupa iliyochomwa kwa hewa kidogo, unavyonasa floraidi iliyomo kwenye maji ya kunywa. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji yakizidi hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi hata mifupa huathirika. Amepewa dakika 15 za kuwasilisha, kisha maswali.

Kosa la kwanza hutokea hapa, nalo ndilo linalowaangusha wengi: kutumia dakika 11 kusimulia tasnifu na 4 kusema kitakachofuata. Tasnifu jopo limekwisha kuiona kwenye wasifu. Linachotaka kujua ni utafanya nini ukiwa na ofisi, saa za kufundisha na fedha kidogo. Gawa muda hivi: dakika 2 za tatizo, kwa lugha ambayo afisa utumishi aliyekaa pembeni ataielewa, 3 za ulichokwisha kuthibitisha, 6 za miaka mitatu ijayo, 2 za vifaa, fedha na wanafunzi. Jumla ni 13. Mbili zinazobaki zitamezwa na kuunganisha projekta, au mjumbe atakayekukatiza katikati. Slaidi 9 au 10 zinatosha. Ukiwa nazo 22, utaanza kuruka slaidi mbele za watu, na kila unayoiruka inawaambia kwamba hukupima muda.

Katika zile dakika 6, swali la utafiti liwe moja na lionekane limezaliwa na hesabu. Msailiwa wetu anaweza kuanza hivi: familia inachuja lita 20 kwa siku, maji yana miligramu 5 za floraidi kwa lita, kwa hiyo kichujio hupokea miligramu 100 kila siku. Tukichukulia kwamba gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2, kilo 10 zitashika miligramu 20,000, yaani siku 200. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa kweli mkaa hauachi kunasa kwa ghafla siku ya 200. Floraidi huanza kupenya kidogo kidogo, na kikomo cha 1.5 huvukwa mapema zaidi huku mtumiaji hajui, kwa sababu maji hayabadiliki rangi wala ladha. Swali basi ni hili: mapema kiasi gani, na pH pamoja na chumvi nyingine za majini zinausogeza muda huo namna gani? Mjumbe ambaye si mkemia amelielewa, na mkemia ana la kuuliza.

Baada ya hapo miaka mitatu ipangike kwa kinachoweza kukwama. Mwaka wa kwanza ni wa maabara: vibomba vyenye gramu 50 za mkaa. Kwa hesabu ileile, kibomba kimoja kitajaa baada ya lita 20. Ukipitisha lita 2 kwa siku, jaribio moja linakwisha kwa siku 10. Mwaka wa pili ni wa kaya 20, na hapo kibali cha maadili kiombwe tangu mwaka wa kwanza, maana kukisubiri ndiko kunakoua ratiba nyingi za utafiti wa nyanjani. Mwaka wa tatu ni wa kutengeneza kanuni rahisi ya kumwambia mtumiaji lini abadili mkaa. Kisha sema waziwazi kitakachobaki endapo ruzuku haitapatikana: majaribio ya vibomba yanaendelea, kaya zinapungua kuwa 5. Msailiwa asiye na jibu hilo huonekana anasubiri fedha ndipo aanze kufikiri.

Tarajia swali la kando litakalogusa watu: mifupa ya mnyama gani? Kuna watu watakaoyakataa maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama fulani, hata kama ni safi. Usilipuuze kama swali lisilo la kisayansi. Jibu ni kwamba chanzo cha mifupa kitajulikana na kutajwa kwa kaya kabla hazijakubali kushiriki.

Sasa ufundishaji. Sentensi kama "naamini katika ufundishaji shirikishi unaomweka mwanafunzi katikati" haina kosa, ila haina kitu ndani. Kila msailiwa ameisema. Badala yake eleza kipindi kimoja kwa ukaribu. Pata orodha ya kozi za idara, chagua mbili unazoweza kufundisha kuanzia muhula wa kwanza, na ujue zina wanafunzi wangapi. Tuseme kozi ya uchambuzi wa kemikali ina wanafunzi 120, na maabara ina elektrodi 3 za kupimia floraidi, zinazosoma kwa milivolti.

Msailiwa anasema: nitawagawa katika vipindi 5 vya wanafunzi 24, kila kipindi vikundi 6 vya watu wanne. Vikundi viwili vinashirikiana elektrodi moja. Kimoja kinapima, kingine kinatayarisha miyeyusho ya kulinganishia, na baada ya dakika 40 wanabadilishana. Wanapima myeyusho wa miligramu 1 kwa lita na wa miligramu 10. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili inapaswa kukaribia milivolti 59. Kikundi kikipata 41, hakiambiwi jibu. Kinaulizwa: mlipunguzaje ukali wa myeyusho, mlisafisha elektrodi, au elektrodi imechoka? Halafu wanapewa sampuli yenye alumini bila kuambiwa. Alumini hushikana na floraidi, elektrodi isiione, na kipimo kisome chini ya ukweli mpaka itiwe bafa yenye dawa ya kuikamata alumini. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba namba iliyo kwenye skrini inaweza kuwa safi na bado ikawa ya uongo. Hiyo ndiyo falsafa ya ufundishaji, na haikuhitaji kutajwa kwa jina hilo.

Malizia na usahihishaji, kwa sababu mkuu wa idara atauliza. Ripoti 120 kwa dakika 15 kila moja ni saa 30. Ripoti za vikundi ni 30, yaani saa 7 na nusu. Lakini ripoti ya kikundi huficha aliyekaa kimya, hivyo ongeza maswali mawili ya kujibu peke yake, dakika 10, mwisho wa kipindi: moja la hesabu, moja la kueleza kwa nini kipimo kilisoma chini. Na swali la mtihani litoke humohumo. Kama unafundisha kugundua kosa la kipimo kisha mtihani unauliza tafsiri ya istilahi, mjumbe makini atakubana, na atakuwa na haki.

Kuhusu usimamizi, rudi kwenye mpango wako na ugawe kazi kwa ngazi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulinganisha vipimo vyenye bafa na visivyo nayo. Ni kazi ya wiki kadhaa. Wa uzamili achukue vibomba: hali 4 za maji, kila hali vibomba 3 kwa pamoja, siku 10 kila hali. Hizo ni siku 40 za kupima, kwa hiyo hata akirudia zote mara moja bado muhula unamtosha na muda wa kuandika upo. Wa uzamivu achukue kaya na ile kanuni, maana hapo swali bado halina njia iliyonyooka. Ukitaja wanafunzi, taja wachache. Vyuo vingi humwanzisha mhadhiri mpya akiwa msimamizi msaidizi, hivyo anayeahidi kusimamia watano wa uzamivu mwaka wa kwanza hajasoma kanuni za chuo anachoomba kazi. Zisome kabla, hasa idadi ya juu ya wanafunzi na sifa za msimamizi mkuu.

Kisha eleza utaratibu wenyewe. Kukutana kila wiki mbili kwa wa uzamili, dakika 45. Mwanafunzi ndiye anayeandika muhtasari wa mlichokubaliana na kuutuma ndani ya siku mbili; ukiusoma unajua kama mlielewana. Sura ya tasnifu irudi na maoni ndani ya siku 10 za kazi, na maoni yaanze na hoja na takwimu kabla ya sarufi, kwa sababu hakuna faida kusahihisha herufi za aya itakayofutwa. Majina kwenye makala yazungumzwe mwanzoni, kabla ya takwimu kupatikana.

Karibu kila jopo huuliza: mwanafunzi wako amenyamaza miezi mitatu, utafanyaje? "Nitamtia moyo" halitoshi. Sema kwamba hali isingefika miezi mitatu, kwa kuwa vikao viwili kukosekana mfululizo ndiyo dalili yako, na dalili nyingine ni anayejibu kila mara kuwa "bado nasoma" bila kuleta ukurasa. Kwanza unazungumza naye ujue kama ni ugonjwa, ada au amekwama kwenye kazi. Akiwa amekwama unampa kipande kidogo cha wiki moja, mathalani kuchora mchoro mmoja wa takwimu alizonazo. Ikiwa ni ada au ugonjwa, unamwelekeza ofisi inayohusika na kumweleza utaratibu wa kuahirisha masomo kabla muda wake wa usajili haujamwishia. Vyote viwekwe kwenye maandishi.

Siku moja kabla, hifadhi slaidi kama PDF kwenye flashi na kwenye barua pepe pia, maana herufi na michoro huhama kwenye kompyuta ngeni. Wasilisha mbele ya mtu asiye wa fani yako, ukiwa na saa mezani, kisha mwombe akueleze swali lako la utafiti kwa maneno yake. Akishindwa, tengeneza upya dakika zile 2 za kwanza na uziache nyingine zilivyo. Na jopo litakapokupa nafasi ya kuuliza, uliza mambo mawili yanayogusa mpango wako moja kwa moja: kama elektrodi zote tatu za maabara zinafanya kazi, na mhadhiri mpya hupangiwa saa ngapi za kufundisha kwa wiki.