Laptopu ya mhasibu bado inawaka: anza na RAM, diski ifuate

Jioni moja mwenye duka la vipuri vya magari, komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, alinipigia simu. Wateja wake walikuwa wanapokea ankara kutoka kwa mhasibu wake, lakini namba ya akaunti ya benki haikuwa yake. "Niizime laptopu?" Nikamjibu: "Hapana, papa. Usiizime, usifunge kifuniko, iache kwenye chaja. Zima ruta tu." Ruta ikizimwa, mtandao unakatika bila mtu kuigusa laptopu.

Asubuhi nilianza na karatasi ya kuonyesha nani alikuwa na laptopu na saa ngapi. Niliandika namba ya serial, nani aliitumia mwisho, saa ya kwenye skrini na saa ya simu yangu. Laptopu ilikuwa nyuma dakika 7, kwa hiyo kila tukio la kwenye diski litasomwa kwa kuongeza hizo 7.

Kisha RAM, kumbukumbu ya muda inayopotea laptopu ikizimwa, ambayo ilikuwa ya GB 8. Flashi yangu ni ya GB 64, fomati ya exFAT. Zamani niliwahi kwenda na ya FAT32, ambayo haipokei faili la kufika GB 4. Kazi ikakatika katikati, na kuanza upya kukafuta sehemu nyingine ya kumbukumbu. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi:

```
E:\winpmem_mini_x64_rc2.exe E:\ram.raw
certutil -hashfile E:\ram.raw SHA256
manage-bde -protectors -get C: > E:\bde.txt
```

Winpmem, programu ya amri ya kwanza inayonakili RAM, nayo inaingia kwenye RAM, na flashi inaacha alama kwenye Windows. Andika jina la programu na dakika uliyoianzisha, maana wakili wa upande wa pili atauliza. RAM haichukuliwi mara mbili ikatoka sawasawa, hivyo heshi yake, ile namba ambayo certutil inaikokotoa kutoka kwenye yaliyomo, inathibitisha jambo moja tu: faili halijabadilika tangu dakika ile. Amri ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, ilikuwa imewashwa, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 nakala ya diski ingekuwa takataka tupu.

Hapo ndipo nilipobonyeza kitufe cha umeme mpaka ikazima, nikatoa diski, nikaipitisha kwenye kifaa cha kuzuia kuandika, nikainakili kwenye Linux:

```
ewfacquire -d sha256 -t /mnt/kesi/L01 /dev/sdb
ewfverify -d sha256 /mnt/kesi/L01.E01
```

Ilikuwa SSD. Diski za aina hii zinaweza kujisafishia data iliyofutwa zikiwa na umeme tu, hata nyuma ya kizuizi. Usiiache imechomekwa; ikishanakiliwa, itie kwenye bahasha, ifunge, weka sahihi juu ya gundi.

Karatasi ilibaki na pengo moja: saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi laptopu ilikuwa mezani, na ufunguo wa ofisi kwa mlinzi. Papa alitaka tuandike kwamba ufunguo ulikuwa kwake. Nilikataa. Tulimwita mlinzi, akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, akatia sahihi.