Kipandauso cha Jumatatu: namna ya kupanga upya usingizi wa mwanafunzi

Ukimwambia kijana mwenye kipandauso alale mapema, atakaa kitandani macho makavu. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, kwa hiyo usingizi wenyewe huchelewa kuja. Anza na asubuhi.

Tuchukue mwanafunzi wa miaka 15, kilo 50. Siku za shule analala saa 6 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Wikendi analala saa 8 usiku, anaamka saa 5 asubuhi. Jumatatu kichwa kinamgonga.

Hatua ya 1: daftari. Kwa wiki mbili aandike saa ya kulala, ya kuamka, kichwa kilipoanza na dawa aliyomeza. Angalizo: miayo, hasira, na macho kuumizwa na mwanga wa simu mara nyingi ni shambulio ambalo tayari limeanza. Wazazi wengi hulaumu simu hapo, kumbe kosa la simu lilikuwa usiku wa jana, ilipochelewesha usingizi.

Hatua ya 2: kuamka. Wikendi asipitishe saa 1 asubuhi, hata kama alichelewa kulala, na afungue pazia mara moja. Siku za kwanza atasinzia mchana. Mruhusu dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 10 jioni; zikizidi, zitamlia usingizi wa usiku.

Hatua ya 3: kulala. Sogeza saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku 3. Kutoka saa 6 hadi saa 4 usiku ni hatua 8, yaani siku 24, na hapo atapata saa 8 za usingizi. Simu ichajiwe nje ya chumba, na kengele iwe ya saa ya kawaida. Bila hiyo saa, simu itarudi kitandani kwa kisingizio cha kengele. Kazi ngumu ya shule itangulie, nyepesi ibaki ya mwisho. Wiki ya mitihani usiguse saa ya kuamka. Punguza kazi za usiku.

Hatua ya 4: shambulio darasani. Kubalianeni na mwalimu mapema: dalili ya kwanza tu, anatoka, anakunywa maji, anameza dawa, analala penye giza kwa dakika 30 hadi 60, kisha anarudi. Akisubiri kipindi kiishe, tumbo huwa limeshagoma na dawa hufyonzwa polepole. Kwa kilo 50, ibuprofeni miligramu 400 kwa mara moja inatosha, baada ya mhudumu wa afya kuthibitisha kwamba hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hiyo. Isizidi siku 2 kwa wiki, maana dawa ya mara kwa mara nayo huzaa maumivu ya kichwa. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Kichwa kikilipuka ghafla, kikija na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja, au kutapika kila alfajiri, acha mpango huu na umpeleke hospitali mara moja.