Benki inasema riba ni 18%, ratiba ya marejesho inasema ngapi?

Tuchukue mkopo wa kawaida kwa mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba: shilingi 6,000,000 kwa miezi 12, riba ya flati asilimia 18 kwa mwaka. Flati maana yake riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata ukishaurudisha nusu. Asilimia 18 ya 6,000,000 ni 1,080,000. Jumla ya kulipa ni 7,080,000, ukigawa kwa 12 unapata rejesho la 590,000 kila mwezi.

Hatua ya 1: Soma safu ya riba kwenye ratiba. Ikiwa kila mwezi imeandikwa mtaji 500,000 na riba 90,000 bila kubadilika, hiyo ni flati. Angalia mwezi wa 12: kwa hesabu hiyo mtaji uliobaki mkononi mwako ni 500,000 tu, lakini bado unalipia riba ya 90,000. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja! Ratiba nyingine huonyesha riba ikipungua mwezi hadi mwezi ilhali jumla ni ile ile 7,080,000. Usiangalie safu peke yake, jumlisha marejesho yote.

Hatua ya 2: Tafuta riba ya mwezi. Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu, andika:

```
=RATE(12,-590000,6000000)
```

Jibu ni 2.643%. Ukiona 3%, seli imefupisha desimali, ziongeze. Alama ya kutoa mbele ya 590000 ni lazima, kwa sababu mkopo unaingia na rejesho linatoka. Ukiisahau utapata #NUM!.

Hatua ya 3: Igeuze iwe riba halisi ya mwaka.

```
=(1+RATE(12,-590000,6000000))^12-1
```

Inatoka asilimia 36.8, zaidi ya mara mbili ya ile uliyotajiwa. Wengi huzidisha 2.643 kwa 12 na kupata 31.7. Hiyo inaacha nje riba juu ya riba, kwa hiyo usiilinganishe na 36.8 ya mkopo mwingine.

Hatua ya 4: Weka fedha uliyopokea, si iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tuseme ada ya mkopo ni asilimia 2 na bima asilimia 1, vyote vikakatwa siku ya kutolewa. Zimetoka 180,000, kwenye akaunti zimeingia 5,820,000, na rejesho limebaki 590,000. Badilisha 6000000 iwe 5820000: riba ya mwezi inapanda hadi 3.15%, ya mwaka inafika asilimia 45.1. Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti ya siku hiyo, uone kiasi kilichoingia baada ya makato.

Hatua ya 5: Hakiki kwa mkono miezi miwili. Bila ada, mwezi wa kwanza 6,000,000 × 2.643% ni 158,580. Toa kwenye 590,000, mtaji umepungua 431,420, salio 5,568,580. Mwezi wa pili riba ni 147,178 na salio 5,125,758. Ukiendelea hivyo, mwezi wa 12 salio linaangukia karibu na sifuri. Likibaki kubwa, kuna tarakimu uliyokosea.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, ofisa mikopo kaniambia "1.5% tu kwa mwezi". Huo si mkopo mwingine?*

Ni huo huo, ndugu yangu. 1.5% ya 6,000,000 ni 90,000. Muulize: asilimia hiyo ni ya mkopo wa mwanzo au ya salio?

*Benki ya pili inanipa 24% riba inayopungua. Si ghali kuliko 18%?*

Hapana, ni nafuu. 24% kwa salio linalopungua ni 2% kwa mwezi, na rejesho la 6,000,000 kwa miezi 12 linakuwa kama 567,358. Unaokoa 22,642 kila mwezi, kwa mwaka 271,704, kama ada na bima ni sawa kwa benki zote mbili. Riba halisi ni asilimia 26.8 dhidi ya 36.8. Linganisha rejesho kwa kiasi kile kile na muda ule ule, acha asilimia za matangazo.

*Dada yangu wa Igoma ana ratiba ambayo rejesho la kwanza linaanza mwezi wa pili. RATE bado inafaa?*

Haifai, inadhani rejesho la kwanza ni mwezi mmoja baada ya kupokea. Kwenye safu A weka 6000000 juu, chini yake 0 ya mwezi usiolipa, kisha -590000 mara 12 (seli A1 hadi A14), halafu:

```
=IRR(A1:A14)
```

*Nikimaliza deni mwezi wa 6 nitapunguziwa riba?*

Inategemea mkataba. Wakikudai miezi sita iliyobaki yote, yaani 3,540,000 pamoja na rejesho la mwezi huo, riba yako inapanda hadi karibu 3.6% kwa mwezi, maana umelipia mwaka mzima kwa fedha uliyoitumia nusu mwaka. Omba kipengele cha kulipa mapema kwa maandishi kabla hujasaini.